Ukishamtoa Nje, Bado ni Mgeni Wako

Kila usiku, kuanzia Mtwapa hadi Kitengela, kuna amri fupi inayotoka nyuma ya kaunta: "Mtoe nje!" Mabaunsa wawili wanamshika mtu makwapani, viatu vinaburura sakafuni, mlango unafunguliwa, jamaa anaachwa kando ya barabara kuu, mlango unafungwa. Muziki haukukatika hata kidogo. Mwenye baa anapangusa mikono na kujisifu kwamba kwake hakuna fujo. Nami namwambia waziwazi, mbele ya wateja wake: hapo hujamaliza kazi, umeanza kesi. Umemuuzia mtu tangu jua linatua, umepokea pesa zake hadi M-Pesa ikasema salio halitoshi, na alipoacha kukuletea faida ukampeleka penye malori.

Tumezoea kuuzungumzia ulevi kama aibu ya mlevi peke yake. Mahubiri yote ni yake, kejeli za redioni ni zake, na polisi wakifika, anayepandishwa karandinga ni yeye. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo mtaani bado inaitwa sheria ya Mututho, inaruhusu mtu aliyelewa hadi hajiwezi, au aliyelewa akaleta fujo mahali pa umma, akamatwe bila hati. Wenye baa wanakijua kipengele hicho kwa moyo, kwa sababu kinamshika mtu mwingine. Muulize mmoja wao wajibu wake mwenyewe ni upi. Atakutajia saa za kufungua na kufunga, atakutajia walio chini ya miaka 18, kisha atakunyamazia.

Basi tumsaidie kumaliza jibu. Uingereza na Wales wana Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, na kifungu chake cha 141 kinasema kwamba kumuuzia pombe mtu aliyelewa, ukijua kwamba amelewa, ni kosa la jinai. Kosa hilo linamwangukia meneja, na linamwangukia pia aliyeko kaunta mwenye mamlaka ya kuuza, hata kama anasaidia tu bila mshahara. Faini inaweza kufika pauni 1,000. Kifungu kinachofuata, cha 142, kinamwandama rafiki: yule anayenunua kinywaji akijua kinakwenda kwa mwenzake ambaye tayari amelewa. Kila meza ina mtu wa aina hiyo. Mhudumu anakataa, yeye anasema "Usijali, hii ni yangu," na dakika moja baadaye chupa iko mkononi mwa yule yule aliyekataliwa.

Najua nitakachojibiwa: hizo ni sheria za Wazungu. Sawa, turudi nyumbani. Pale ambapo Bunge letu halikuandika vingine, mahakama za Kenya zinafuata kanuni zilizojengwa na majaji wa Kiingereza kuhusu uzembe na fidia. Mlango zilipoingilia ni Sheria ya Mahakama, Sura ya 8. Tena tuna sheria nyingine, Sura ya 34, inayomtaka mwenye jengo awaangalie wageni wake ili wasidhurike kwa kuwa humo. Aliyeingia kwako kununua bia ni mgeni kwa macho ya sheria hiyo, sawasawa na aliyekuja kukagua mita ya umeme. Swali pekee la kubishania ni hili: ukimtoa nje akiwa hajiwezi, uangalizi wako unaishia kwenye kizingiti?

Swali hilo limeshaulizwa katika mahakama ya juu kabisa ya nchi inayotumia kanuni kama zetu, na jibu lake linapaswa kubandikwa nyuma ya kila kaunta. Usiku wa Januari 1968, jimbo la Ontario, Kanada, mteja mmoja aliingia katika baa ya hoteli iitwayo Jordan House baada ya kazi, pamoja na bosi wake na nyapara wao. Ilikuwa mwendo wa saa kumi na moja na robo jioni. Wenzake wawili wakanywa, wakaondoka. Yeye akabaki, na bia zikaendelea kuja. Hakuwa mgeni asiyejulikana. Alikuwa mteja wa kila siku, na hoteli ilijua tabia yake akishazidisha. Iliijua vizuri kiasi kwamba uongozi ulikuwa umewaagiza wahudumu wasimuuzie asipokuwa na mtu wa kumwangalia. Agizo lilikuwepo. Bia nazo ziliuzwa.

Kufikia saa nne usiku alikuwa akizunguka meza za watu na kuwasumbua. Mwenye hoteli akafanya kile kile kinachofanywa huku kwetu: akamtoa nje. Nje kulikuwa na giza na mvua, mavazi yake yalikuwa ya rangi nzito, na kurudi kwao kulimtaka atembee kwa miguu kando ya barabara kuu. Mpita njia mmoja akamsogeza kidogo kwa gari kisha akamshusha. Akaendelea kwa miguu, akipepesuka kuelekea katikati ya barabara, na gari likamgonga.

Hakufa. Alishtaki, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada. Jaji Bora Laskin, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliandika hukumu ambayo nawasihi mawakili wetu waisome tena. Hakusema kwamba kila anayeuza pombe ni mlezi wa kila anayekunywa. Alisema kwamba hoteli hii ilimjua mtu huyu, ilijua hali aliyokuwa nayo kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoendelea kumuuzia, na ilijua ni barabara gani inayomsubiri. Mtu unayemjua hivyo humwachi aende peke yake. Na wala hakuwataka wabebe mzigo mkubwa: wangeweza kuita polisi, wangeweza kumkabidhi kwa mtu mwenye akili timamu, wangeweza kumweka ndani hadi apate fahamu za kutosha. Lawama zikagawanywa sehemu tatu sawa: moja kwa dereva, moja kwa mlevi mwenyewe, moja kwa hoteli. Mlevi hakuachiwa bure, na hilo naliunga mkono. Lakini theluthi moja ya fidia ikatoka kwa waliofunga mlango.

Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu. Hata hivyo wanaweza kuisikiliza, na mimi nangojea kwa hamu familia ya kwanza itakayoipeleka mahakamani hapa ikiwa na risiti za baa, picha za kamera za mlangoni na rekodi ya M-Pesa inayoonyesha saa na dakika ya kila kinywaji. Jordan House walihukumiwa kwa ushahidi wa midomo ya watu. Wewe mwenye baa wa leo unaandika ushahidi dhidi yako kwa mkono wako mwenyewe, muamala kwa muamala.

Sasa nieleze kwa nini kumtoa nje ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, maana hapa kuna jambo la mwili ambalo mabaunsa hawaambiwi. Pombe haifanyi kazi yake yote dakika inapomezwa. Inapita tumboni, inaingia kwenye damu, na kiwango chake kinaweza kuendelea kupanda kwa nusu saa, saa nzima, hata zaidi ikiwa mtu alikula. Unachokiona kwa macho saa nne ni ulevi wa vinywaji vya saa tatu na nusu. Yule aliyekunywa toti mbili za haraka kabla ya kuinuliwa kitini anapita mlangoni akiwa bado hajafika kilele. Atafika kilele huko nje, peke yake, pengine akiwa amelala chali kwenye mtaro. Na mlevi aliyelala chali akitapika anaweza kusakamwa na matapishi yake akafa bila gari lolote kumgusa.

Kushuka nako ni polepole kuliko tunavyojidanganya. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Ini la mtu mzima, kwa wastani, linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Yaani chupa moja inahitaji saa mbili hadi karibu tatu, na chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina pombe ya bia nne kama hizo. Fanya hesabu mwenyewe. Kahawa ya rangi haitaibadilisha, wala supu ya kichwa, wala kumwagiwa maji baridi. Vitu hivyo vitakupa mlevi aliye macho, aliyeshiba au aliyelowa. Muda peke yake ndio unaomtoa ulevi mtu, na ndiyo maana kukataa kunakofaa ni kule kunakofanywa mapema, kinywaji kimoja au viwili kabla ya fujo. Baa inayongoja mtu aanguke ndipo imkatalie imechelewa kwa saa nzima.

Dalili za mapema hazihitaji kipimo cha alkoblo. Zinahitaji mhudumu aliyemwona mtu huyo akiingia. Mtu aliyekuja mkimya ameanza kupaza sauti, au mcheshi amezama ghafla katika ukimya. Anasimulia kisa kile kile kwa mara ya tatu kwa watu wale wale. Anaingiza namba ya siri ya simu anakosea, anaingiza tena anakosea. Anakuhesabia noti ya 200 mahali pa 1,000, anaweka glasi ukingoni mwa meza, anaagiza nyingine ilhali iliyopo bado nusu. Dalili moja pekee si hoja. Tatu kwa pamoja, na hasa mabadiliko kutoka alivyokuwa saa moja iliyopita, ni hoja tosha. Ndiyo maana meza moja inafaa ibaki na mhudumu mmoja. Ukibadilisha wahudumu kila saa, kila mmoja anaona bia mbili tu, na hakuna aliyeona sita.

Lakini kuna mtego hapa, na nimeuona ukimnasa hata meneja mzoefu. Mwenye kisukari ambaye sukari imemshuka anaweza kupepesuka, kutokwa jasho, kuongea ovyo na hata kuwa mkali. Aliyegonga kichwa, na anayeanza kupata kiharusi, wanaweza kuonekana vivyo hivyo. Harufu ya pombe haithibitishi chochote, kwa kuwa mtu anaweza kuwa amekunywa chupa moja na akawa mgonjwa. Ikiwa hali haioani na idadi ya vinywaji mlivyomuuzia, waulizeni alionao kama ana ugonjwa wowote, na mwombe msaada wa daktari. Baunsa anayembeba mgonjwa wa sukari kama mlevi amebeba msiba wa watu.

Tufike kwenye kukataa kwenyewe. Hapa ndipo nawakasirikia zaidi wenye baa, kwa sababu hawajawahi kumfundisha mtu yeyote maneno ya kusema. Wamemwambia msichana wa miaka 22, anayefanya kazi kwa malipo ya siku na bakshishi, kwamba mteja ni mfalme. Kisha usiku mmoja wanamtaka amvue mfalme huyo taji mbele ya marafiki zake sita. Anafanya lile analolijua: anapaza sauti, "Wewe umelewa, hupewi tena!" Mezani wanacheka. Jamaa anasimama. Kiti kinaanguka.

Neno "umelewa" ndilo la kwanza kufutwa midomoni mwa wahudumu. Ni kweli, na halina faida yoyote, kwa sababu linafungua mashtaka na mshtakiwa lazima ajitetee. Atasimama kwa mguu mmoja kukuonyesha, atakuhesabia kutoka mia kurudi nyuma, na mashabiki wake watampigia makofi. Mhudumu anayejua kazi anasema kile atakachofanya yeye, wala hatoi hukumu juu ya mteja. Anamfuata kabla hajaagiza, si baada ya kuagiza na kungoja kwa hasira. Anakaa au kuinama ili macho yawe sawa, upande wa pembeni ambako wenzake hawasikii kila neno, mikono yake ikionekana, sauti chini kuliko ya mteja.

Tuseme mteja ni mtu wa makamo, fundi wa magari anayejulikana hapo. Mazungumzo yenye heshima huenda hivi:

"Mzee wangu, samahani kidogo. Nimekuja nikwambie mwenyewe. Usiku huu sitaweza kukuongezea nyingine."

"Kwani umeniona nina nini?"

"Sijaja kubishana na wewe, mzee. Nikiendelea kukuuzia, ni mimi na leseni ya hapa tutakaoulizwa. Nimekuletea maji. Jikoni bado kuna mishkaki na chapati, nikuletee?"

"Nina pesa zangu!"

"Najua unazo, na kesho nitakuhudumia mimi mwenyewe. Leo bia imetosha. Nikuitie teksi sasa, au ule kwanza?"

Angalia alichokifanya hapo. Hakutoa sababu mpya kila alipopingwa, kwani kila sababu mpya ni mlango mpya wa kubishana. Alirudia uamuzi ule ule kwa maneno laini. Hakumwambia "labda baadaye," ambayo ni ahadi, na mlevi husahau mengine yote isipokuwa ahadi. Mwishoni hakumuuliza kama atakubali; alimpa mambo mawili ya kuchagua, yote mawili yakiwa salama. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi mmoja akipewa mwingine anapata pa kuweka heshima yake, na heshima ndiyo inayopiganiwa pale mezani. Bia ni kisingizio.

Kuna mambo mengine ambayo hayaonekani lakini ndiyo yanayobeba kazi. Kaunta nzima iwe imeshaambiwa, ili asiende kwa mwenzake dakika tano baadaye akauziwa. Uamuzi ukivunjwa mara moja, mhudumu wa kwanza amegeuzwa mwongo na usiku mzima umeharibika. Mwenzake mmoja asimame mahali anapoonekana, mbali kidogo, bila kukunja mikono kifuani. Glasi iliyoko mkononi mwa mteja isinyakuliwe. Mkono unaovuta glasi ndio ngumi inakoanzia. Wala asiguswe begani, hata kwa upole, kama hamjuani. Na kabla ya yote, mtafute yule mmoja mezani ambaye bado ana akili zake. Karibu kila meza inaye. Mwambie pembeni, "Kaka, nisaidie na ndugu yako, nisingependa aaibike." Atafanya nusu ya kazi, na bia ya kupitishwa chini ya meza haitapatikana.

Sasa niseme jambo ambalo wenye baa hawataki liandikwe. Mhudumu anaogopa bili kuliko anavyoogopa ngumi. Katika baa nyingi, mteja akiondoka bila kulipa, kiasi hicho kinakatwa kwenye malipo ya aliyemhudumia. Sasa fikiria hesabu ya msichana yule. Meza inadaiwa 4,800. Akimkatalia jamaa, jamaa atakasirika na kutoka bila kulipa, naye atafanya kazi siku kadhaa bure. Akimwongezea, atabaki ametulia hadi rafiki yake mwenye pesa arudi. Hivyo anamwongezea. Mwenye baa ndiye aliyeiandika hesabu hiyo, halafu anamlaumu msichana kwa kuijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja sababu maalumu ambazo mwajiri anaweza kukatia mshahara, na mlevi kukimbia bili si ruhusa ya jumla ya kuingiza mkono mfukoni mwa mhudumu.

Tiba yake ni rahisi hata inaudhi: lipisha kwa raundi. Kinywaji kije na malipo yake, au bili ifungwe kila saa. Ikifika wakati wa kukataa, pawe hapana deni mezani, ili mazungumzo yawe ya jambo moja tu. Na mwenye baa atamke mbele ya wafanyakazi wote kwamba anayekataa kwa haki hatakatwa hata shilingi. Bila tamko hilo, mafunzo yote ya upole ni maigizo.

Kisha twende mlangoni, kule ambako Jordan House waliangukia. Umemkatalia, amekubali au amenuna, anataka kuondoka. Anaondoka na nani, kwa chombo gani, anakwenda wapi? Maswali hayo matatu yajibiwe kabla hajavuka. Rafiki asiyelewa akimchukua, vyema. Teksi inayojulikana na soja wa getini, vyema pia, namba ya gari ikiandikwa. Bodaboda, hapana. Abiria wa pikipiki anatakiwa ajishike na kuinama pamoja na chombo kwenye kona, na huyu hawezi hata kukaa wima kwenye kiti chenye mgongo. Kuna wanaombana katikati ya watu wawili, mshikaki, wakidhani wamemlinda. Wamewaongeza wawili katika ajali moja.

Kama amekuja na gari lake, shughuli ianze mapema, akiwa bado mezani, maana akishaketi nyuma ya usukani umechelewa. Mwambie gari litalala uani chini ya mlinzi, mpe karatasi yenye namba ya gari na jina la aliyepokea ufunguo. Karatasi hiyo inatuliza sana. Mtu anaogopa kuibiwa kuliko anavyotaka kuendesha. Akikataa katakata, usipigane naye kwa ajili ya ufunguo. Chukua namba za gari, piga 999 au 112, useme gari gani, rangi gani, limeelekea wapi. Utaitwa msaliti. Afadhali.

Na asiyeweza kusimama haondoki. Alazwe kwa ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, mtu akae naye. Akiwa haamki kwa kuitwa na kutikiswa, au anapumua kwa vipindi virefu, au ngozi imekuwa baridi na midomo imebadilika rangi, huyo si wa kulala ulevi uishe. Ni wa hospitali, sasa hivi, kwa gari la baa ikiwa ambulensi haiji.

Kuna watakaosema haya hayawezekani, biashara itakufa. Stockholm walijaribu. Mwaka 1996 watafiti waliwatuma waigizaji waliojifanya walevi kupindukia kwenda kuagiza bia katika baa za mji huo. Waliokataliwa walikuwa asilimia 5 tu. Jiji, polisi na wenye baa wakakaa pamoja, wahudumu wakapewa mafunzo ya siku mbili, na ukaguzi ukaongezwa makali. Mwaka 1999 waigizaji walikataliwa kwa asilimia 47, na mwaka 2001 kwa asilimia 70. Katika eneo la mradi, uhalifu wa vurugu uliorekodiwa na polisi ukashuka kwa asilimia 29. Wasweden hawakuacha kunywa, na baa hazikugeuka makanisa. Kilichobadilika ni kwamba kumuuzia mlevi kulianza kuwa na gharama kwa muuzaji.

Kwetu leseni zinatolewa na kaunti, na kila anayehuisha leseni anakaguliwa choo, anakaguliwa cheti cha afya, anakaguliwa umbali na shule. Vyema. Lakini sijasikia mkaguzi akimuuliza mwenye baa: "Mwezi uliopita ulimkatalia nani?" Hilo ndilo swali ninalotaka liingizwe kwenye fomu. Liwepo daftari nyuma ya kaunta, la karatasi tu, lenye saa, alichokuwa ameuziwa mteja, dalili alizoonyesha, maneno aliyoambiwa, na jinsi alivyoondoka: na nani, kwa gari namba gani. Mhudumu aliandike usiku ule ule na meneja aweke sahihi. Baa inayojaza watu mia mbili kila Jumamosi na daftari lake likawa tupu mwaka mzima inasema uongo, na kamati ya leseni isiihuishe hadi mwenyewe aje, aketi, aeleze ni vipi kwake hajawahi kulewa mtu.